Friji Namba 7 Kwenye Orodha

SALIM: Karibuni tena, tuko hapa Nairobi. Leo ni friji. Wanjiru, yako iliharibika ukiwa kwenye nyumba ya kukodi yenye fanicha, si ndiyo?

WANJIRU: Ndiyo, Kilimani, chumba kimoja cha kulala. Nilikuwa nimekaa miezi miwili. Jumatatu asubuhi nikakuta maziwa yamechacha na nyama imelainika. Mashine ilikuwa inanguruma, taa ya ndani inawaka, lakini baridi hakuna.

SALIM: Ukampigia ajenti.

WANJIRU: Nikampigia, naye akasema, "Ita fundi, ulipe, kwa sababu wewe ndiye unayeitumia." Basi nikafungua faili yangu. Siku ya kuingia tulikuwa tumetia sahihi orodha ya vifaa, kila mtu nakala yake. Kitu namba 7 kilisema: friji ya milango miwili, hali nzuri, inafanya kazi. Na nilikuwa nimepiga picha hata kile kibandiko cha ndani chenye namba ya mashine.

SALIM: Hapo ndipo wapangaji wengi wanapoteleza, dada. Wanafikiri orodha peke yake inamlazimisha mwenye nyumba kubadilisha. Orodha inathibitisha mambo mawili tu: kwamba friji ni sehemu ya kile unacholipia kodi, na kwamba ilikuwa nzima ulipoipokea. Nani anatengeneza, hilo unalitafuta kwenye mkataba.

WANJIRU: Na wangu ulisema mwenye nyumba atatengeneza vifaa vyake, isipokuwa uharibifu uliosababishwa na mpangaji. Kwa hiyo swali lote likawa sababu. Nilimwomba ajenti ruhusa kwa maandishi nimlete fundi wa kukagua tu, bila kufungua chochote. Fundi akagusa mabomba ya nyuma, yalikuwa baridi badala ya kuwa na joto, ilhali kompresa inazunguka. Akaniambia gesi imetoka, na akaonyesha kutu kwenye bomba pale ilipovujia.

SALIM: Kutu ni uchakavu. Lakini angekuta tundu ndani ya friza, mambo yangekuwa mengine.

WANJIRU: Kabisa. Watu huchokonoa barafu kwa kisu, wanatoboa bomba, gesi inatoka. Hilo ni kosa la mpangaji, na fundi analiona mara moja. Ndiyo maana nilimwomba aandike alichokiona, aweke tarehe na sahihi.

SALIM: Barua ikasemaje?

WANJIRU: Fupi tu. "Friji, kitu namba 7 kwenye orodha tuliyotia sahihi, iliacha kupoza Jumatatu. Ripoti ya fundi imeambatishwa: bomba limeliwa na kutu. Kwa mujibu wa kifungu cha matengenezo, naomba itengenezwe, au iletwe nyingine ya ukubwa ule ule, ndani ya siku 7." Niliituma kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

SALIM: Napenda hapo uliposema itengenezwe au ibadilishwe. Mwenye nyumba akiweza kuziba bomba na kujaza gesi ikapoza vizuri, ametimiza wajibu. Na kodi, uliikata?

WANJIRU: Sikukata hata shilingi. Nilitamani, maana nilikuwa nanunua chakula kila siku.

SALIM: Ulifanya vyema. Ukikata bila makubaliano ya maandishi, umeshakuwa na malimbikizo ya kodi, na sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kumtumia dalali akamate mali yako. Na ile Mahakama ya Kodi, inayosikiliza migogoro ya wapangaji na wenye nyumba, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya fanicha Kilimani haimo.

WANJIRU: Siku ya tano wakaleta friji nyingine. Ndogo, ya mlango mmoja, friza yenyewe kijisanduku tu. Vijana waliotumwa wakataka nitie sahihi kwamba nimepokea, waondoke na ile ya zamani.

SALIM: Hapo ndipo pa hatari kuliko pote.

WANJIRU: Nilikataa kutia sahihi mpaka orodha irekebishwe. Fikiria, karatasi bado inasema milango miwili. Mwaka ukiisha ninahama, mkaguzi mwingine anakuja, anatafuta friji ya milango miwili, haioni. Inakatwa kwenye dipoziti yangu! Tena namba ya mashine haifanani.

SALIM: Hata kitanda ni vivyo hivyo. Wanakuletea cha futi 4 kwa 6 badala ya 5 kwa 6, na godoro halijaandikwa popote.

WANJIRU: Basi ajenti akaja mwenyewe jioni. Tukakata mstari kwenye namba 7 katika nakala zote mbili, tukaandika friji mpya, namba yake, tarehe, na kwamba ya zamani imechukuliwa na mwenye nyumba. Sahihi zake na zangu kando ya mstari.

SALIM: Na ule udogo wake?

WANJIRU: Aliandika kwamba ya milango miwili italetwa mwisho wa mwezi. Ikaletwa. Tukakata mstari mara ya pili.