Chumba cha Saa Nane Mchana

(Mhadhara kwa wawezeshaji wa warsha, Tudor, Mombasa)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naona wengine bado wanapanda ngazi, feri ya Likoni leo imetuchezea. Tutaanza polepole.

Mwaliko uliniomba nieleze ni mpango upi wa viti ulio bora kwa mafunzo ya siku nzima: ule wa darasa, ule wa kabarei, au umbo la U ambalo mahoteli hulichora mfano wa kiatu cha farasi. Ukimwuliza meneja wa ukumbi, naye atakuuliza mko wangapi. Hilo ni swali lake, na ana haki nalo kwa sababu anahesabu viti. Swali lako wewe mwezeshaji liwe hili: saa nane mchana, watu wakishakula biriani na joto limepanda, mikono yao itakuwa inafanya nini? Saa tatu asubuhi mpango wowote utakubeba, maana watu wako macho hata ukiwakalisha juu ya magunia. Chumba hupangwa kwa ajili ya saa nane.

Niwape kisa kimoja tukae nacho. Nilifundisha waweka hazina 24 wa vikundi vya akiba, wengi wao kina mama kutoka Kisauni, Likoni na Changamwe. Somo lilikuwa daftari la mikopo. Asubuhi nieleze, mchana wao wachukue risiti za kikundi cha kubuni, wazijaze daftarini, halafu wasake kosa nililolificha. Ukumbi ulikuwa wa mita 10 kwa 8. Meneja akanihakikishia kwamba unachukua watu 60. Kweli unachukua 60, kama ni viti vitupu vya kusikilizia hotuba. Ukiingiza meza hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Tuanze na darasa. Meza ya kawaida ya ukumbini ina urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 75 hivi. Watu wawili kwa meza, meza 12, safu nne za meza tatu tatu. Kila safu, meza pamoja na kiti na nafasi ya kupita, hula karibu mita moja u nusu, kwa hiyo safu nne ni mita 6. Ukiacha mita 2.5 mbele, wameenea na nafasi inabaki. Kila mtu anaona mbele na ana mahali pa kuandikia. Kwa ile asubuhi yangu ya maelezo, darasa lingetosha sana.

Lakini saa nane nitawaambia nini? "Geukeni mfanye kazi na wenzenu wa nyuma"? Nimeliona hilo mara nyingi. Wa mbele anageuza kiti, daftari analiweka mapajani, risiti zinamwanguka. Kundi la wanne linageuka kuwa wawili wanaofanya na wawili wanaotazama. Nami nikitaka kumfikia mama aliye katikati ya safu ya tatu, nusu ya safu isimame anipishe. Ukisikia mtu anakunong'oneza "mwalimu, nitakuuliza baadaye", jua njia imeziba. Haoni haya, anawahurumia jirani zake.

Umbo la U nalipenda, nakiri. Meza zinazunguka pande tatu, watu wanakaa upande wa nje tu, kila mmoja anaona uso wa kila mwenzake, nawe unaingia katikati hadi mbele ya mtu. Kwa mjadala wa watu 12 hadi 16 sijapata mpango wa kuushinda. Tatizo ni kwamba linakula nafasi, na ile katikati uliyoilipia haikaliwi na mtu. Watu wangu 24, wawili kwa meza, walihitaji meza 12. Nikiziweka nne kila upande, ule upande wa nyuma peke yake una mita 7.2, na viti vya nje vikiongezwa kushoto na kulia tunapita mita 8 za ukumbi. Nikirefusha mikono iwe meza tano tano na mbili nyuma, nagonga ukuta: mita 9 za mikono, meza ya nyuma, kisha kiti, zinafika mita 10 na nusu.

Meneja akaniambia, "Kaka, weka watatu kwa meza, wataingia." Wangeingia, kila mmoja na sentimita 60. Daftari la hesabu likifunguliwa linamaliza karibu sentimita 45. Risiti utaziweka wapi, kichwani? Na hata kama ukumbi ungekuwa mkubwa, U ya watu 24 inawatenga waliokaa kwenye ncha mbili. Wanasemezana kwa kupaza sauti kama mabaharia wa majahazi mawili.

Ikabaki kabarei. Meza za duara, lakini viti havizunguki duara lote. Upande unaotazama mbele unaachwa wazi, ili asiwepo mtu wa kumpa mgongo mwezeshaji. Meza ya mita 1.8 ambayo harusini inakaliwa na watu kumi, hapa inakaliwa na sita.

Sisitiza huo uwazi, tena kwa maandishi. Mimi ulinitokea mkosi katika hoteli moja, sitaitaja. Nilisema kwa simu, "nataka meza za duara." Nikafika saa moja asubuhi nikakuta harusi. Viti kumi kila meza, vitambaa vyeupe hadi chini, chombo cha maua katikati, na watu wanne kila meza wangekuwa wamenipa kisogo siku nzima. Wafanyakazi hawakukosea hata kidogo. Meza ya duara wanayoijua wao ndiyo hiyo. Tangu siku hiyo nachora. Nachora duara, natia nukta sita, naandika "SKRINI" upande usio na nukta, napiga picha, namtumia meneja kwenye WhatsApp. Anayepanga viti usiku haangalii ankara, lakini picha ataiangalia.

Sasa, wengi mtaniambia ukumbi wenu hauna meza za duara. Wala wa kisa changu haukuwa nazo. Chukua meza mbili zile za mita 1.8, zibanane ubavu kwa ubavu, upate meza pana ya mita 1.8 kwa 1.5. Ielekeze ncha moja kwenye skrini na uiache ncha hiyo tupu. Wawili kushoto, wawili kulia, wawili nyuma. Mafungu manne, watu 24, meza nane. Mafungu mawili mbele na mawili nyuma, pamoja na viti na njia, yanachukua mita 6.3. Ongeza mita 2.5 za mbele, inabaki zaidi ya mita moja nyuma kwa meza ya vifaa.

Kabarei nayo ina ubaya wake. Wa kwanza ni soga, maana mmekaa kama mezani nyumbani. Mimi ninapoeleza huwa nasimama kati ya mafungu, si mbele, na soga hupungua zenyewe. Wa pili ni macho. Kanuni ya mafundi wa skrini ni kwamba aliye mbali zaidi asizidi mara sita ya kimo cha picha. Picha yangu ilikuwa na kimo cha mita 1.2, kwa hiyo mwisho wake mita 7.2. Viti vya nyuma vilikuwa vimepita mita 8. Na ukurasa wa daftari una tarakimu ndogo, hata aliye karibu anakunja uso. Dawa haikuwa kusogeza watu. Nilichapa ukurasa ule kwenye karatasi, nakala kwa kila mtu, nikaacha skrini kwa maneno machache makubwa. Umeme ulipokatika saa tano, jenereta ikachelewa, hakuna aliyeona tofauti.

Hapo tumeshaingia kwenye vifaa. Ukichagua kabarei, vifaa navyo vigawe kwa fungu. Sanduku moja kila fungu: bahasha ya risiti, vikokotoo vitatu vya watu sita, kalamu nane, maka peni za rangi mbili, na kipande cha mbao au jiwe safi la pwani. Mnacheka, lakini pangaboi likizunguka kwa kasi risiti zote zitaruka, na ukilizima watu wataiva. Vikokotoo nilivipunguza makusudi. Kila mtu akiwa na chake, kila mtu anainama peke yake, na fungu linakuwa darasa lililokaa duara.

Chati za karatasi kwenye kuta zetu zina shida yake. Rangi ya mafuta na unyevu wa bahari, selotepu ya karatasi haishiki hadi mchana. Utasikia "fraa!" katikati ya sentensi. Jaribu kipande kimoja siku moja kabla ukiache usiku kucha. Kikidondoka, omba kamba, uifunge dirisha kwa dirisha, utundike chati kwa vibanio vya nguo. Na maka peni zijaribu moja moja, uzitenge za ubao na zisizofutika. Ukikosea ukaandika ubaoni kwa isiyofutika, pitisha ya ubao juu ya maandishi yale yale, ufute papo hapo ingali mbichi. Vinatoka pamoja.

Naam, mama pale nyuma. Anauliza kuhusu swala na mapumziko. Swali zuri, maana linagusa ramani ya chumba. Adhuhuri hapa Mombasa huingia kati ya saa sita na saa sita na dakika arobaini mwaka mzima, kwa hiyo simamisha saa sita u nusu urudi saa nane. Ijumaa usijaribu kubana. Kibla kwetu ni karibu kaskazini kamili, Makka na Mombasa ziko takriban kwenye mstari mmoja wa kusini hadi kaskazini. Kama ukumbi hauna chumba cha swala, ukuta wa kaskazini usiulundikie meza ya chai. Skrini nayo iepushe na madirisha. Jua la asubuhi linaingia mashariki, la alasiri magharibi, basi ukuta wa kusini ndio unaobaki salama mara nyingi.

Na wewe kijana, ndiyo, nimekuona. Unauliza kama unaweza kuanza na darasa asubuhi ukageuza wakati wa chakula. Unaweza, kwa meza za mstatili. Kati ya meza 12 unaondoa nne, nane unazibananisha. Watu wanne wanamaliza kwa dakika 20 hivi. Ila uwaambie washiriki wachukue mikoba yao wanapotoka. Mimi sikuwaambia. Tuliporudi, mama mmoja alitafuta miwani yake karibu nusu saa, nayo ilikuwa imekunjwa ndani ya kitambaa cha meza kule jikoni.