Babu alicheka mchoro wangu: mhadhara kuhusu potifolio ya usanifu majengo

Mbukwenyi! Haya, naona waliojibu ni wenyeji, wengine mmeletwa Dodoma na ajira za wazazi. Sawa, karibuni wote.

Niliombwa nizungumzie potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi ambazo mwombaji anazituma, za shule za nje. Habari za ada na viza sizigusi. Nitachukua potifolio moja tu, ya kijana wa huku Chamwino aliyetaka kusoma usanifu majengo, tuifungue ukurasa kwa ukurasa. Amekubali niisimulie bila kumtaja jina. Mimi ni msanifu, na huko nilikosoma niliwahi kukaa misimu miwili kwenye meza ya wanaopitia kazi za waombaji, kama msaidizi. Kwa hiyo nitawaambia na upande wa pili wa meza.

Aliponiletea mara ya kwanza ilikuwa na kurasa 20. Sita zilikuwa sura za watu mashuhuri kwa penseli, safi kabisa, kila unywele mahali pake. Nne zilikuwa nyumba ya ghorofa yenye bwawa la kuogelea, imetengenezwa kwa SketchUp, programu ya kuchora majengo kwenye kompyuta, na magari mawili ya kifahari yameegeshwa mbele. Nikamwuliza, "Hili bwawa, maji yake utayatoa wapi hapa Dodoma?" Akacheka. Hakuwa amefikiria.

Sasa, anayepitia kazi ana mafaili mengi na dakika chache kwa kila moja. Sura iliyonakiliwa kutoka kwenye picha anaitambua haraka: vivuli ni vyeusi bila kitu ndani yake, pua inaonekana kubwa mno ikilinganishwa na masikio kwa sababu kamera ilikuwa karibu, na mchoro umekatika pale pale picha ilipokatika. Hiyo inamwonyesha kwamba una subira na mkono mzuri. Haimwonyeshi kama unaweza kukiangalia kitu chenye pande tatu na kukielewa, na hicho ndicho anachokitafuta. Zile picha za kompyuta nazo, kwa mwombaji wa mwaka wa kwanza, hazimsaidii sana. Programu atafundishwa huko huko.

Nikamwuliza babu yake anaishi wapi. Akasema kijijini, kwenye tembe. Nikamwambia nenda kaipime.

Alikuwa na futi kamba ya mita 5, kamba ya katani na daftari. Nje nyumba ilitoka mita 14.2 kwa 9.6. Wengi wangeishia hapo na kuchora mstatili. Nilikuwa nimemsisitizia apime pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kupishana. Kama nyumba imenyooka, vipimo hivyo viwili hulingana. Kwa nyumba hii vingekuwa kama mita 17.1 kila kimoja. Yeye alipata 17.6 na 16.7. Nyumba imepinda. Akaichora hivyo hivyo ilivyopinda, kwa skeli ya 1:50, yaani kila mita moja ni sentimita 2 kwenye karatasi. Urefu ukawa sentimita 28.4, ukaingia vizuri kwenye A3, na ile mistari miwili ya pembe akaiacha ionekane na namba zake. Msomaji akiiona anajua huyu alifika, hakukisia.

Kilichofuata ndicho kilichompeleka mbali. Alichora mkato, yaani nyumba kama imepasuliwa kwa kisu uone ndani, kwa skeli ya 1:20. Paa la udongo lilikuwa na unene wa sentimita 25, na boriti akazilaza juu ya ukuta, kama anavyoziona kwenye nyumba za tofali mjini. Nikamwambia apige hesabu ya uzito. Udongo mkavu tuuchukulie kilo 1,500 kwa mita ya ujazo. Basi kila mita ya mraba ya paa hilo ina kama kilo 375. Ukuta wake ni fito zilizokandikwa udongo, unene sentimita 12. Je, unabeba?

Akarudi kijijini na mchoro. Babu akauangalia, akacheka, akamshika mkono akampeleka ndani. Boriti hazikuwa zimekaa juu ya ukuta hata kidogo. Zilikuwa zimelala kwenye nguzo zenye panda, zilizosimama kwa ndani karibu kabisa na ukuta, nyingine zimefunikwa nusu na udongo wa kukandika. Ukuta ni wa kuzuia upepo, jua na wanyama. Mvua ikiubomoa kipande, unakandika upya na paa halitikisiki.

Mchoro wa kwanza alitaka kuuchana. Nikamkatalia. Tukauweka kwenye potifolio kama ulivyo, na kalamu nyekundu pale boriti zilipolala vibaya. Ukurasa uliofuata ukawa mkato sahihi, na pembeni panda moja kwa skeli ya 1:5, imechorwa pale pale kijijini, hata alama za shoka zinaonekana. Maelezo yalikuwa sentensi mbili tu: "Nilidhani ukuta unabeba paa. Babu alinionyesha nguzo." Baada ya hapo picha za kimodeli alichokitengeneza kwa vijiti, akiwa ameondoa kuta zote na paa bado limesimama.

Shule mbili zilimkataa, nisiwadanganye. Ya tatu ilimwita kwenye usaili wa mtandaoni, na akaniambia karibu nusu ya muda waliutumia kwenye ule mchoro wenye wino mwekundu. Walitaka kujua aligunduaje, na angefanya nini kama babu asingekuwepo. Aliweza kujibu kwa sababu alikuwa ameyapitia mwenyewe. Ile nyumba yenye bwawa wangemwuliza nini?

Zile sura sita tukabakiza moja. Potifolio nzima ikawa kazi 14, tembe ikiwa imechukua karibu theluthi. Idadi na ukubwa wa faili fuateni maelekezo ya shule yenyewe, maana kila moja ina yake, na mfumo wa kupokea haubembelezwi.

Kulikuwa na swali pale nyuma. Dada, sema. … Anauliza asiye na skana afanyeje. Kwenye maduka mengi ya steshenari mjini watakupigia skani ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, na penseli laini inapotea. Ukienda, sema unataka ya rangi, dpi 300. Ukikosa, tumia simu. Bandika karatasi ukutani nje, kivulini, asubuhi. Balbu ya ndani inaifanya karatasi kuwa ya manjano, na jua la moja kwa moja linaing'arisha penseli. Usisogee karibu. Rudi nyuma kama mita moja na nusu, kisha vuta kwa zumu mara mbili, maana kamera ikiwa karibu kingo za karatasi zinajikunja. Halafu pima kwenye picha: upande wa juu na wa chini wa karatasi ukitofautiana urefu, simu ilikuwa imeinama, piga tena. Yule kijana alirudia mara tisa, kwa sababu tembe iliyopinda ikipigwa picha iliyoinama, msomaji hawezi kujua kipi kimepinda.