Kila mbonyezo ni mwaka mmoja

Ndugu zangu, toeni vikokotoo vyenu, vile vya kawaida vya dukani. Tuseme una shilingi 1,000,000 kwenye amana ya muda maalumu, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na hutoi kitu.

Andika 1.08. Hiyo 1 ndiyo fedha yako yenyewe, na hiyo .08 ni riba. Zidisha kwa 1000000, halafu bonyeza =. Umepata 1,080,000. Usifute. Bonyeza = tena: 1,166,400. Vikokotoo vingi vya bei nafuu hukumbuka namba uliyoanza nayo na kuirudia. Vingine hudai ubonyeze alama ya kuzidisha mara mbili baada ya 1.08. Kikokotoo cha simu mara nyingi hurudia namba ya mwisho, kwa hiyo huko anza na milioni. Ukikosea mpangilio utajua papo hapo, maana mbonyezo wa pili utakuletea matrilioni au herufi E.

Tusimame kwenye mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza riba ilikuwa 80,000, wa pili ni 86,400. Hiyo 6,400 imetoka wapi? Ni asilimia 8 ya zile 80,000 ulizoziacha ndani. Riba imezaa riba, basi.

Endelea kubonyeza. Mwaka wa tano unasoma 1,469,328. Wa tisa, 1,999,004: imebaki kama shilingi elfu moja tu fedha iwe imejirudufu. Kwa riba sahili, yaani 80,000 zilezile kila mwaka, ungekuwa na 1,720,000.

Sasa, hapa ndipo watu wengi hujipunja kwa hesabu. Tanzania, riba ya amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kwa hiyo katika ile 8 unabaki na 7.2, na namba ya kuzidisha ni 1.072. Rudia mibonyezo tisa: 1,869,618. Tofauti ni zaidi ya shilingi 129,000, na milioni mbili unazivuka mwaka wa kumi. Mimi sipigi hesabu ya amana bila kuondoa kodi kwanza. Ile asilimia ya kwenye bango la benki si yako yote.

Kuna jambo jingine la kuuliza dirishani kabla ya kusaini. Amana ikiiva, riba inakwenda wapi? Ikihamishiwa akaunti yako ya kawaida na milioni peke yake ikawekwa upya, mibonyezo yetu haifai tena: kila mwaka utapata 72,000 zilezile baada ya kodi. Mwambie karani kwamba unataka mtaji na riba viwekwe upya pamoja, kisha usome fomu uone kama ameandika hivyo.