Zoezi la Moto Kwenye Ofisi ya Ghorofa: Nani Amebaki Ndani?

Habari zenu, watazamaji. Leo niko Dodoma, mbele ya jengo la ofisi lenye ghorofa tano juu ya ile ya chini, na tunapanga zoezi la kutoka nje kwa dharura ya moto. Kushuka ngazi wengi wanaweza. Ugumu uko huku nje, pale zimamoto wanapofika na kuuliza: "Kuna mtu ndani?" Tunapanga zoezi zima ili swali hilo lipate jibu mara moja.

Tuanze na eneo la kukusanyikia. Ofisi nyingi hubandika kibao cha kijani kwenye maegesho karibu na geti, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Lakini tazama: gari la zimamoto litaingia kwa geti hilohilo, na watu wamesimama njiani. Wasogeze. Jengo hili lina urefu wa mita 20 hivi, nami sikubali umbali mfupi kuliko urefu huo, maana vioo vikipasuka juu huanguka mbali na ukuta. Halafu angalia upepo. Hapa Dodoma, hasa kiangazi, huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo aliyesimama magharibi mwa jengo atakula moshi. Tuchague mashariki, na upande mwingine tuweke eneo la akiba.

Sasa wasimamizi wa ghorofa. Kila ghorofa iwe na wawili na naibu mmoja. Watatu wanaonekana wengi, lakini mnaijua Dodoma: huyu yuko safari ya kikazi, yule ameitwa bungeni na bosi wake. Asubuhi ya zoezi utashukuru kuwa na naibu. Wape vizibao vya kung'aa, na kila mmoja ajue vyumba vyake kwa majina.

Kazi yao ni kukagua. Msimamizi anaanza chumba kilicho mbali zaidi na ngazi, anarudi akielekea ngazi. Kila mlango anaugusa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, haufungui. Ukiwa wa kawaida, anafungua, anaita kwa sauti, anatazama, kisha anaurudishia bila kufunga kwa ufunguo, kwa sababu mlango uliorudishiwa huchelewesha moshi. Asiruke choo, stoo wala chumba cha kuswalia. Akimaliza anashuka, na harudi juu.

Akifika nje haendi kwa wenzake. Anakwenda moja kwa moja kwa mratibu na kusema: "Ghorofa ya tatu, tupu." Au: "Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kushoto sikukifikia, kuna moshi." Mratibu anatia alama kwenye karatasi yake. Mtu asiyeweza kushuka ngazi apangiwe mapema watu wawili wa kumsaidia, na mahali alipo patajwe katika taarifa hiyohiyo.

Kwa nini nasisitiza taarifa hii? Ofisi moja niliyowahi kuisaidia ilitegemea daftari la mahudhurio peke yake. Waliosaini asubuhi walikuwa 142, nje tukahesabu 137. Kuwatafuta watano hao kulichukua dakika 19. Wawili walikuwa wamekwenda benki, mmoja alikuwa mgahawani akinywa chai. Wawili wa mwisho walikuwa stoo ya ghorofa ya nne, hawakusikia kengele kabisa! Daftari linajua aliyeingia, halijui aliyetoka. Kama stoo ile ingekaguliwa, wawili wale wangeshuka pamoja na wenzao. Kwa hiyo taarifa za ghorofa zije kwanza, majina yafuate, na kitabu cha wageni kitoke na mlinzi wa mapokezi. Stoo ile iliongezewa king'ora.

Siku ya zoezi, chagua saa nne asubuhi, wageni wanapokuwa wengi. Kabla ya hapo wajulishe zimamoto, majirani na walinzi, ili asitokee mtu wa kupiga 114 kwa moto usiokuwepo. Wafanyakazi waambie wiki, saa usiwaambie. Kisha fanya hivi: msimamishe mtu kwenye ngazi moja, ghorofa ya pili, na bango lililoandikwa MOSHI. Hapo ndipo utajua nani anaijua ngazi ya pili na nani anakimbilia lifti.

Pima vipindi viwili tofauti vya muda: kengele ilipolia hadi mtu wa mwisho kutoka mlangoni, na kengele ilipolia hadi mratibu kupata taarifa ya ghorofa ya mwisho. Pengo likiwa kubwa, nenda kwa msimamizi aliyechelewa, mtembee naye vyumba vyake kimoja kimoja mkiwa na saa mkononi. Mara nyingi utakuta amepewa vyumba vingi mno, au kuna mlango ambao ufunguo wake anao mtu mmoja tu.

Kengele ikinyamaza, mtu asirudi ndani. Wanarudi mratibu anaposema.