Saa Ilianza Lini? Muda usio na kifo katika tafiti za kufuatilia wagonjwa

Wenzangu madaktari, wafamasia, na ninyi mnaoandika tasnifu zenu mwaka huu, nawashukuru kwa kuja. Nitatumia muda wangu karibu wote kwa utafiti mmoja, kwa sababu nimeona kosa lake likirudi katika tafiti nyingi zinazotokana na mafaili ya hospitali, na wanaolifanya mara nyingi ni watu makini wenye data nzuri.

Utafiti wenyewe ulifanyika Ontario, Kanada, na ulichapishwa mwaka 2001. Watafiti walichukua kumbukumbu za wazee 22,620 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliolazwa kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa kisha wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Swali lilikuwa la maana: je, steroidi za kuvuta kwa pampu huwapunguzia wagonjwa hawa vifo na kulazwa tena? Mgonjwa aliyechukua pampu ndani ya siku 90 baada ya kuruhusiwa aliwekwa kundi la watumiaji. Asiyechukua ndani ya siku hizo aliwekwa kundi la wasiotumia. Wote wakafuatiliwa mwaka mmoja, na saa ya kila mmoja ilianza siku aliyoruhusiwa. Matokeo: kwa waliotumia, kulazwa tena kulipungua kwa takriban 24%, na vifo vilipungua kwa 29%.

Idadi ilikuwa kubwa, na umri, jinsia na magonjwa mengine vilizingatiwa kwenye hesabu. Ukisoma haraka, huoni pa kushika.

Sasa mfikirieni mzee aliyeruhusiwa Jumatatu, akafariki siku ya kumi, kabla hajafika duka la dawa. Ameingia kundi gani? La wasiotumia, bila shaka. Mwingine amekaa nyumbani siku 70, ya 71 akachukua pampu. Ameingia la watumiaji, na siku zake zote 70 za kuishi bila dawa zimeandikwa kwa jina la dawa. Katika siku hizo 70 asingeweza kufa, kwa sababu kama angekufa, tusingemwita mtumiaji. Huo ndio muda usio na kifo. Haukuletwa na dawa. Umeletwa na namna tulivyogawa makundi: tumetumia jambo lililotokea baadaye kumpanga mtu tangu mwanzo.

Jambo hili si geni. William Farr, mtakwimu wa Uingereza, alilieleza mwaka 1843 alipolinganisha umri wa kufa wa watu wa kazi mbalimbali. Maaskofu, majaji na majenerali walionekana kuishi miaka mingi kuliko mapadri vijana na maluteni. Farr akaonya kwamba hakuna anayefikia uaskofu au ujenerali pasipo kwanza kuishi miaka mingi, kwa hiyo cheo hakiwezi kupewa sifa ya miaka iliyokitangulia.

Tufanye hesabu, na hizi namba ni zangu za mfano tu. Wagonjwa 1,000 wanaruhusiwa siku moja. Dawa tunayoichunguza haina faida yoyote wala madhara. Ndani ya siku 45 za kwanza wanakufa 60, maana siku za mara baada ya kutoka wodini ndizo za hatari zaidi. Wamebaki 940. Siku ya 45, kwa kurusha sarafu, nusu yao, yaani 470, wanapewa dawa, na 470 hawapewi. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mwaka, kila upande unapoteza mtu mmoja kati ya kumi: 47 huku na 47 kule.

Tuhesabu kama walivyohesabu Ontario. Watumiaji ni 470, wamekufa 47, sawa na 10%. Wasiotumia ni 530, yaani wale 470 pamoja na 60 waliokufa mapema, na vifo vyao ni 107, sawa na 20%. Dawa isiyo na kitu imeonekana kupunguza vifo kwa nusu! Hata ungeongeza wagonjwa hadi milioni moja, jibu lingebaki hilo hilo. Na hakuna marekebisho ya umri au uzito yanayoweza kuliondoa, kwa sababu wagonjwa wa pande zote mbili walifanana tangu mwanzo. Kosa liko kwenye saa.

Wengine hulikwepa kosa hili kwa njia inayolirudisha kupitia mlango wa nyuma. Husema: basi kwa mtumiaji nitaanza kuhesabu siku alipopewa dawa, na kwa asiyetumia nitaanza siku aliporuhusiwa. Rudini kwenye mfano. Watumiaji wanaanza siku ya 45, hatari kubwa imeshapita. Wasiotumia wanaanza siku ya kwanza na kubeba vile vifo 60 peke yao. Pengo ni lile lile.

Dawa ya kosa hili ni ipi? Njia nyepesi ni kuweka alama siku moja, tuseme siku ya 45, ukawachukua waliofika hapo wakiwa hai, ukawagawa kwa hali waliyokuwa nayo siku hiyo, ukaanza kuhesabu vifo kuanzia hapo. Kwenye mfano wetu unapata 10% kwa 10%, na ndio ukweli. Ila hapo unakuwa hujibu chochote kuhusu siku 45 za mwanzo, na watakaoanza dawa siku ya 60 wanabaki upande wa wasiotumia.

Njia kamili zaidi ni kumwacha mgonjwa abadili kundi kadiri siku zinavyokwenda: siku zake kabla ya dawa ni za wasiotumia, siku zake baada ya dawa ni za watumiaji. Hapa naomba tutulie kidogo, maana nimeona wengi wakiishia nusu ya njia. Ukihamisha siku zile halafu ukagawanya tu jumla ya vifo kwa jumla ya siku za kila upande, bado dawa yetu isiyo na kitu itaonekana nzuri, kwa kuwa siku za mwanzo zenye vifo vingi zote zimeangukia upande wa wasiotumia. Sharti ulinganishe siku na siku yake: nani kafa siku ya 80 tangu kuruhusiwa miongoni mwa waliokuwa kwenye dawa siku hiyo, na nani miongoni mwa wasiokuwa nayo siku hiyo hiyo. Modeli ya Cox yenye kigezo kinachobadilika kwa wakati hufanya hivyo, mradi saa yake ianze siku ya kuruhusiwa kwa kila mtu.

Samy Suissa wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ndiye aliyelionesha hili kuhusu steroidi za kuvuta, mwaka 2003. Alichukua data za wagonjwa wa Saskatchewan, akazichambua kwanza kwa mtindo wa Ontario. Faida ya takriban 30% ikatokea. Akazichambua tena kwa kuuweka muda mahali pake, wagonjwa wale wale, na faida ikatoweka yote. Mwaka 2007 likachapishwa jaribio la TORCH, lenye wagonjwa zaidi ya 6,000 waliopangwa kwa bahati nasibu na kufuatiliwa miaka mitatu. Waliopewa steroidi ya kuvuta peke yake walikufa 16.0%, waliopewa plasebo 15.2%. Nimonia iliongezeka kwa waliotumia steroidi. Wagonjwa wa TORCH hawakuwa sawa kabisa na wazee wa Ontario, hilo nakubali, lakini ile 29% haikuonekana hata kivuli chake.

Mnaposoma makala bila kuwa na data yake, angalieni mchoro wa kuishi. Kama mistari miwili inaachana wiki za mwanzo kisha inakwenda sambamba hadi mwisho, na dawa yenyewe ni ya kufanya kazi taratibu, jiulizeni saa ilianza lini. Kisha tafuteni kwenye sehemu ya mbinu maneno kama "waliowahi kutumia", au "waliopata angalau dozi mbili", au "ndani ya miezi sita". Kila sharti la namna hiyo lina siku ambazo mtu alilazimika kuwa hai.

Kuipanga saa vizuri hakumalizi matatizo. Katika jaribio kubwa la dawa za moyo la Marekani, Coronary Drug Project, matokeo ya mwaka 1980 yalionesha kwamba wanaume waliotumia angalau 80% ya dozi zao za klofibreti walikufa 15.0% kwa miaka mitano, na wenye ufuasi hafifu 24.6%. Ungesema dawa inafanya kazi. Lakini waliokuwa kwenye plasebo? Wenye ufuasi mzuri walikufa 15.1%, wenye ufuasi hafifu 28.3%. Kidonge hakikuwa na dawa ndani! Mtu anayemeza vidonge vyake kila siku hutofautiana na asiyemeza kwa mambo mengi ambayo faili halina. Watafiti walipojaribu kurekebisha kwa sifa 40 walizokuwa wamezipima, pengo lilibaki kubwa.

Nimalizie na data tulizo nazo sisi wenyewe, za wagonjwa wenye kifua kikuu na VVU pamoja. Mgonjwa huanza dawa za TB kwanza, ARV hufuata baadaye, na vifo vingi hutokea katika wiki hizo za mwanzo. Mwanafunzi akifungua rejesta na kulinganisha "waliopata ARV wakati wa matibabu ya TB" na "wasiopata", amerudia Ontario. Hapa dawa ina faida ya kweli: jaribio la SAPIT la Durban, lililochapishwa mwaka 2010, lilionesha kwamba kuanza ARV wakati wa matibabu ya TB badala ya kusubiri yaishe kulipunguza vifo kwa 56%. Lakini rejesta iliyohesabiwa vibaya itaongeza juu ya faida hiyo nyingine isiyokuwepo, na ukitaka kujua kama wiki ya pili ni bora kuliko ya nane, utadanganyika kabisa.

Njia ninayowashauri ni ile inayotumiwa na Miguel Hernán na wenzake wa Harvard: andika kwanza jaribio ambalo ungelifanya kama ungeweza. Mikakati miwili, ARV ndani ya wiki mbili, au kati ya wiki ya tatu na ya nane. Saa inaanza siku ya dozi ya kwanza ya TB kwa wote. Siku hiyo kila mgonjwa unamtengenezea nakala mbili, moja kwa kila mkakati, na nakala unaiondoa siku ile tu mgonjwa anapokiuka mkakati wake. Wanaobaki huongezewa uzito kwenye hesabu ili kuwawakilisha walioondolewa, na kwa kazi hiyo unahitaji CD4, uzito wa mwili na hali ya mgonjwa kwa tarehe zake. Aliyeanza ARV siku ya 30 anaondoka kwenye mkakati wa kwanza siku ya 15. Aliyefariki siku ya tisa kabla ya kuanza ARV hajakiuka wowote, kwa hiyo kifo chake kinahesabiwa pande zote mbili. Ndiyo maana nawaomba, mnapochukua data kwenye mafaili, msiandike "ARV: ndiyo" au "ARV: hapana". Andikeni tarehe.