Miaka miwili bila kazi kwa CV: mstari mmoja unatosha

AKINYI: Karibuni tena, tuko Kisumu na mvua inanyesha, mkisikia mabati ndio hayo. Barasa, kuna dada alituandikia na nimekaa na meseji yake wiki nzima. Alikuwa karani wa hesabu kwa hadiweya moja hapa mjini, akaingia Juni 2016 akatoka Machi 2023 juu mamake alipata stroki na hakukuwa na mwingine wa kumshika, akarudi nyumbani Ahero akakaa huko hadi Aprili 2025. Sasa anatafuta kazi. Anauliza hiyo miaka miwili ataiweka wapi bila kudanganya, na bila ikue ndio kitu cha kwanza watu wanaona.

BARASA: Na kuna mtu alishamshauri asongeshe tarehe, aandike alitoka kazi 2024, ndio pengo libaki dogo.

AKINYI: Hiyo ndio ilinishtua.

BARASA: Asijaribu. Mimi nimekaa kwa meza ya kuchambua maombi miaka kadhaa, na vile hiyo kitu hushikwa ni rahisi sana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inasema mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi ukitoka, ilimradi umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, na hicho cheti kinaandikwa siku uliyoanza na siku uliyoacha. Kwa hivyo kazi mpya ikikuita, wanakuambia leta cheti cha utumishi, na hapo CV inasema 2024 na cheti kinasema Machi 2023. Nakumbuka kijana mmoja tulikuwa tumempenda kabisa, alikuwa ameongeza miezi nane tu, barua ya kazi ilikuwa imeshaandikwa ikarudi kwa faili. Pengo lenyewe hakuna mtu alikuwa amelijali, shida ikawa uongo.

AKINYI: Na wengine humwambia aondoe tarehe zote, aandike tu ujuzi, "najua hesabu, najua stoo", basi.

BARASA: Hiyo nayo inaita macho zaidi. Mtu anayesoma CV hamsini asubuhi akikosa tarehe anajua zimefichwa, na anaanza kujijazia mwenyewe, labda alifukuzwa, labda alikuwa ndani. Ni sawa na kuandika "sababu za kibinafsi", hayo maneno matatu hayaelezi kitu halafu yanafanya mtu aulize.

AKINYI: Sasa afanye nini, twende pole pole juu yeye pengo lake liko mwisho, si katikati.

BARASA: Hapo ndio kuna kazi. Tunaandika kazi ya karibuni kwanza, si ndio? Kwa hivyo akifuata mpango wa kawaida, kitu cha juu kabisa kwa historia yake ya kazi ni hiyo miaka miwili. Dawa ni uzito. Juu ya karatasi, chini ya jina, aweke mistari mitatu ya yeye ni nani: karani wa hesabu mwenye miaka karibu saba kwa hadiweya, amezoea kusawazisha daftari la benki na mauzo ya M-Pesa, kufuatilia wadeni na kuhesabu stoo. Msomaji anaingia akiwa na hiyo picha. Halafu ndio historia inaanza, na pengo linapata mstari mmoja tu, herufi za ukubwa ule ule, bila rangi, bila kukoleza. CV zetu nyingi ni za Kiingereza lakini nitausoma kwa Kiswahili, "2023 – 2025: Kumhudumia mgonjwa wa familia, kwa muda wote." Nukta. Chini yake moja kwa moja "2016 – 2023: Karani wa hesabu", na hapo sasa amwage mistari mitano ya kazi yenyewe, na namba zake kama anazikumbuka vizuri, wadeni wangapi, matawi mangapi. Jicho linaenda penye maandishi mengi, ule mstari mmoja linaupita likiwa limeshajibiwa.

AKINYI: Umeandika miaka bila miezi. Si hiyo pia ni kuficha?

BARASA: Ni kweli bado, mradi CV nzima iwe hivyo, kazi zote na shule zote. Kosa ni kuweka miezi kwa kazi nzuri na kuiondoa hapo tu penye pengo, hiyo inaonekana haraka. Na pengo la miaka miwili haliwezi kumezwa na miaka mitupu, 2023 na 2025 bado ziko hapo. Halafu fomu nyingi za mtandaoni zinauliza mwezi, hapo ajaze Machi 2023 vile iko, na pia LinkedIn yake isome hivyo hivyo.

AKINYI: Nilitaka aandike ni mama na ni stroki, ndio waelewe uzito wake. Kusema kweli mimi ningeandika.

BARASA: Naelewa dada, lakini ugonjwa wa mama ni siri ya mama, na pia msomaji akiona stroki anaanza kupiga hesabu za ruhusa, huyu ataomba siku ngapi. "Mgonjwa wa familia" ni ukweli kamili.

AKINYI: Kuna kitu kingine alisema karibu mwisho wa meseji kama hakina maana. Hiyo miaka alikuwa anamwandikia shangazi yake vitabu, shangazi anauza omena, anachukua Dunga anasambaza sokoni. Kila Jumamosi dada anakaa na steitimenti ya M-Pesa anapanga nani amelipa na nani bado.

BARASA: Hiyo iingie! Lakini kwa kipimo chake. Si "meneja wa fedha", wala isifanywe kazi ya kila siku ndio izibe pengo. Aongeze tu kwa ule mstari, "pamoja na kuweka hesabu za biashara ndogo ya familia, siku moja kwa wiki." Inaonyesha mkono haujalala, na akiulizwa ana daftari la kuonyesha.

AKINYI: Na barua ya maombi?

BARASA: Sentensi moja, na iwe katikati, isifungue barua. Hapa ndio ninataka awe mwangalifu, juu aliniambia mama bado anatembea na fimbo, na sasa mke wa kakake ndiye anakaa naye mchana. Kwa hivyo asiandike mama amepona, si kweli. Aandike, "Kati ya 2023 na 2025 nilimhudumia mgonjwa wa familia, jukumu hilo sasa limechukuliwa na wengine nyumbani na niko tayari kwa kazi ya muda wote." Mwajiri anachotaka kujua ni kama hiyo sababu imeisha ama itarudi, na hiyo sentensi inamjibu.

AKINYI: Wakimuuliza kwa intavyu?

BARASA: Aseme hiyo hiyo, kwa mdomo wake, halafu aingie kwa Jumamosi za omena na arudi kwa kazi. Asiombe msamaha. Wengi huongea dakika tano hapo kwa sababu wanaogopa kimya. Aseme, anyamaze, angoje swali lingine.

AKINYI: Na kuna waajiri wataona hiyo miaka miwili waiweke kando tu.

BARASA: Wako, na hakuna maneno ya kuwageuza. Wale watasoma hadi mistari mitano ya hadiweya ndio tunawaandikia.

AKINYI: Dada, tutumie ukishaiandika upya, Barasa ataisoma kabla uipeleke saiba. Na ukifika huko mwambie kijana asikuongezee dini, ndoa na namba ya kitambulisho, hiyo nafasi unaihitaji kwa kazi yako.