Laptopu ikiibiwa, taarifa za wakulima zisitoke: kufunga diski kwa BitLocker na kuwasha ufuatiliaji

Karibu mtazamaji. Laptopu tunayoifanyia kazi leo ni ya aina inayotumiwa na karani wa AMCOS ya tumbaku, tuseme Urambo, anayepanda basi kwenda Tabora mjini na mashine yake kwenye begi. Ni laptopu iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ina Windows 11 Pro na diski ya GB 256. Ndani yake kuna orodha ya wanachama: majina, namba za simu, akaunti za benki, kilo walizouza na mkopo wa pembejeo wa kila mmoja. Begi likipotea stendi, mashine inanunulika nyingine. Orodha ile ikishatoka hairudi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Nenosiri la kuingilia Windows halifungi diski. Mwizi akiichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, mafaili yote anayasoma bila hata kuulizwa nenosiri. Kinachozuia hilo ni kusimba diski yenyewe, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, na kwenye Windows kazi hiyo inafanywa na BitLocker.

Tuanze kwa kuangalia hali ilivyo. Bofya Start, andika `cmd`, kisha kwenye Command Prompt bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Run as administrator. Andika amri hii:

```
manage-bde -status C:
```

Hapa usiwe na haraka. Soma mstari wa Conversion Status pamoja na ule wa Protection Status. Ukiona Fully Decrypted, diski iko wazi kabisa. Ukiona Fully Encrypted na Protection On, imefungwa. Hali inayodanganya wengi ni ya tatu: diski imesimbwa asilimia 100, lakini Protection Status inasema Protection Off, na chini kwenye Key Protectors pameandikwa None Found. Laptopu nyingi mpya huja hivyo. Maana yake data imesimbwa kweli, ila ufunguo umehifadhiwa wazi palepale kwenye diski. Ni sawa na mlango uliofungwa na ufunguo ukaachwa kwenye kitasa. Mashine ya namna hii bado haijalindwa, na hatua zinazofuata zinaihusu pia.

Laptopu yetu inasema Fully Decrypted. Fungua Control Panel, tafuta BitLocker Drive Encryption, na kwenye diski C bofya Turn on BitLocker.

Windows itakuuliza uhifadhi wapi ufunguo wa uokoaji. Huu ni mfululizo wa tarakimu 48, umegawanywa mafungu 8 ya tarakimu 6. Siku mashine ikigoma kufunguka kwa njia ya kawaida, tarakimu hizi ndizo njia pekee iliyobaki. Ukizipoteza, hakuna fundi wa Tabora wala wa Kariakoo atakayekurudishia data hiyo. Tunashauri njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza, uhifadhi kwenye akaunti ya Microsoft, na iwe akaunti ya ofisi. Ikiwa ni ya karani binafsi, siku akiacha kazi anaondoka na ufunguo wa chama. Ya pili, uchapishe kwenye karatasi nakala 2: moja iingie kwenye sefu ya chama, nyingine ikae kwa mwenyekiti. Karatasi hiyo isikae kamwe kwenye begi la laptopu. Mtu atakayeiba begi atakuwa ameiba na ufunguo.

Swali linalofuata ni kusimba nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Chagua Encrypt entire drive. Kwa mashine mpya kabisa ile njia fupi ingetosha, lakini hii imetumika. Faili lililofutwa hubaki kwenye diski mpaka liandikwe kitu kingine juu yake, na ukisimba nafasi iliyotumika tu, mabaki hayo yanaweza kubaki yakisomeka. Kwenye dirisha linalofuata chagua New encryption mode, kisha weka tiki kwenye Run BitLocker system check, uwashe mashine upya.

Kazi ya kusimba itaendelea huku ukiwa unatumia mashine. Unaweza kurudia ile amri ya mwanzo uone asilimia zinavyopanda. Iache kwenye chaja. Umeme ukikatika na betri ikaisha katikati, usiogope: ukiiwasha itaendelea pale ilipoishia. Subiri tu ifike asilimia 100 kabla hujaitoa ofisini.

Wengi huishia hapo. Kwa laptopu inayosafiri, sisi hatuishii hapo. Kwa mpangilio huu wa kawaida, ufunguo unatunzwa na chipu ya TPM iliyo kwenye mashine yenyewe, na chipu hiyo inautoa kila mashine inapowashwa, awe anayewasha ni karani au mwizi. Windows inafunguka hadi kwenye nenosiri, na kufikia hapo ufunguo wa diski umeshapakiwa kwenye kumbukumbu. Mtu mwenye ujuzi na vifaa ana mahali pa kuanzia. Kwa hiyo tunaongeza PIN inayoulizwa kabla Windows haijaanza kupakia.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `gpedit.msc`. Nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, BitLocker Drive Encryption, kisha Operating System Drives. Fungua Require additional authentication at startup, chagua Enabled, na zile chaguo nne za chini ziache kwenye Allow kama zilivyo, ubofye OK. Wenye Windows Home hawana `gpedit.msc`, na PIN hii hawawezi kuiweka. Wao wana Device encryption tu, kama mashine yao inaikubali. Kwa mashine inayobeba taarifa za watu wengine, kulipia toleo la Pro ni gharama ya haki.

Sasa rudi kwenye Command Prompt uandike:

```
manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN
```

Weka PIN mara mbili. Unapoandika hakuna kitakachoonekana kwenye kioo, ni kawaida. Kiwango cha chini ni tarakimu 6. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala namba ya siri ya simu au benki. Mwizi hawezi kubahatisha mfululizo usiku kucha: TPM 2.0 kwenye Windows hujifunga baada ya makosa 32, na baada ya hapo inasamehe kosa 1 kila dakika 10.

Hakiki kazi yako. Rudia amri ya `-status`. Kwenye Key Protectors unatakiwa uone TPM And PIN na Numerical Password, ambayo ndiyo zile tarakimu 48. Ukiona bado kuna mstari wa TPM peke yake, PIN haikulindi, maana mashine itajifungua kwa njia hiyo.

Kisha jaribu karatasi yako. Zima, washa, na PIN inapoulizwa bonyeza Esc. Kitatokea kioo cha uokoaji chenye Key ID. Linganisha herufi na namba za mwanzo za Key ID hiyo na zilizo kwenye karatasi, uandike tarakimu zote 48. Ni kazi ya dakika chache, na ni bora ugundue leo kwamba printa ilififisha mstari kuliko siku ya malipo ya wakulima. Kioo hichohicho kinaweza kukutokea bila wizi wowote, hasa baada ya kusasisha BIOS. Kabla ya kusasisha, fungua BitLocker Drive Encryption ubofye Suspend protection, halafu uhakikishe imerudi On baadaye.

Kuna tundu moja bado. Ukifunika kioo cha laptopu, kwa kawaida mashine inalala tu, na ufunguo wa diski unabaki kwenye kumbukumbu. Ikiibiwa hivyo ndani ya basi, akiifunua haiulizi PIN hata kidogo. Washa Hibernate kwa amri hii:

```
powercfg /hibernate on
```

Kisha Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does. Mstari wa kufunika kioo uweke Hibernate, kwa betri na kwa chaja, uhifadhi. Sasa kila ikifunikwa inazimika kabisa, na ikifunuliwa inaanza na PIN. Kazi uliyoiacha wazi utaikuta palepale.

Twende kwenye ufuatiliaji. Ingia Settings, Privacy & security, Location, uwashe Location services. Rudi nyuma, fungua Find my device, iwashe. Lazima uwe umeingia kwa akaunti ya Microsoft, na akaunti hiyo iwe na mamlaka ya msimamizi kwenye mashine.

Hapa tuseme ukweli ambao video nyingi zinaupita. Find my device inatuma mahali ilipo mashine pale tu Windows inapokuwa imewaka na ina intaneti. PIN tuliyoweka inamzuia mwizi kufika kwenye Windows. Kwa hiyo laptopu iliyoibiwa ikiwa imezimwa haitatuma chochote, na kwenye ramani utaona mahali ilipoonekana mwisho. Ukiondoa PIN, nafasi ya kuifuatilia inaongezeka, na ulinzi wa data unapungua. Huwezi kuvipata vyote kwa ukamilifu. Kwa orodha ya wakulima, sisi tunachagua PIN bila kusita.

Ufuatiliaji bado una kazi pale mashine inapochukuliwa ikiwa imewaka mezani, au ikisahaulika mahali. Hata hivyo usitegemee alama ya nyumba kwa nyumba. Laptopu nyingi hazina GPS, zinakisia kwa mitandao ya Wi-Fi ya jirani au kwa anwani ya intaneti. Ikitumia bando la simu, ramani inaweza kuonyesha Dar es Salaam wakati mashine iko Urambo.

Kabla hujasafiri, chukua namba ya mashine. Fungua PowerShell uandike:

```
(Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber
```

Iandike kwenye ile karatasi ya sefu, pamoja na risiti ya manunuzi.

Ikiibiwa, tumia simu kuingia `account.microsoft.com/devices`, chagua mashine, bofya Find my device, kisha Lock. Usiiondoe kwenye akaunti, maana ukiiondoa huwezi tena kuitafuta. Badilisha nenosiri la akaunti hiyo, la barua pepe na la mfumo wowote wa benki uliokuwa wazi kwenye kivinjari. Nenda polisi na namba ya mashine na risiti, uchukue RB. Ramani ikionyesha mahali, wape polisi picha ya kioo yenye saa. Usiende mwenyewe kugonga mlango. Mjulishe mwenyekiti siku hiyohiyo, umwambie pia kama mashine ilikuwa imezimwa au imewaka ilipochukuliwa, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua kama wanachama wanapaswa kuambiwa taarifa zao ziko hatarini.